Posa Imekubaliwa

Ndugu wasomaji, nimekubaliwa. Jibu la posa yangu limetoka Muheza likiwa kwenye bahasha ya kaki, limeandikwa na baba mdogo wa binti, mwalimu mstaafu ambaye kila herufi yake imesimama wima. Nimelisoma mpaka mama akaninyang'anya akisema nitalichakaza kabla babu hajaliona. Alhamdulillahi. Kuanzia sasa mimi ni mchumba wa mtu, na mtu huyo amesema nisilitaje jina lake gazetini, kwa hiyo sitalitaja.

Nilipowaeleza wenzangu kazini, swali la kwanza lilikuwa kama nilipiga goti, na la pili kama kuna picha. Sikupiga goti na picha haipo. Posa yangu ilipopelekwa mimi sikuwepo, maana kwetu muoaji haendi. Wanaokwenda ni wazee wake, na wanaojibu ni wazee wa upande wa pili baada ya kumuuliza binti. Nimeona wengi wa rika langu, hata waliozaliwa hapa hapa Tanga, hawajui tena mambo haya yanakwendaje mpaka yawafike. Kwa hiyo furaha yangu nitaitangaza kwa kueleza njia iliyopita.

Mimi ni fundi wa majokofu. Yeye ni nesi katika zahanati moja nje ya mji wa Muheza, mwendo wa karibu kilomita 40 kutoka Tanga mjini. Tulifahamiana kwa sababu ya jokofu la chanjo, na maongezi yetu ya mwanzo yote yalihusu jokofu hilo. Sasa jokofu la chanjo halirudi kazini mara tu fundi anapokaza skrubu ya mwisho. Linatakiwa likae kati ya nyuzi joto 2 na 8, wala lisiteleze kwenda chini likagandisha dawa, na likishawashwa fundi hubaki pale akiangalia kipimajoto. Chanjo zenyewe huwa zimehamishiwa kwenye makasha ya baridi, zikisubiri. Kwa hiyo kuna saa nyingi za kukaa tu.

Siku hiyo akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi na watoto wao, naye alikuwa akipita kila mara kuja kuchungulia nyuzi zimefika ngapi. Alipopita mara nyingine nikamwambia, "Nesi, nikija kwenu na wazee wangu, nitafukuzwa?"

Hakunitazama. Alitazama kipimajoto. "Hii inasoma kumi na moja," akasema. "Ngoja kwanza ishuke, fundi."

Nikangoja. Nilisafisha vifaa vilivyokuwa safi tayari. Baadaye akarudi, akainama, akasoma, akaandika kwenye daftari lake la joto, kisha akasema akiwa bado ameinamia daftari, "Imefika saba. Leta wazee. Kufukuza au kutofukuza ni kazi ya baba." Akaenda zake kupanga chanjo. Mimi nilibaki nimeshika bisibisi, nikicheka peke yangu mbele ya akina mama wa watu.

Huo ndio ukubali wa kwanza, na kama ungekuwa unatosha habari hii ingeishia hapa. Lakini kijana hamwendei baba yake na kusema nataka kuoa. Nilimwambia shangazi, shangazi akamwambia mama, mama akamwambia baba, na baba akajifanya hajasikia kwa muda, kama inavyompasa. Kisha wazee wakaanza kupeleleza. Waliuliza nyumba ile ni ya nani, wanasali wapi, kuna maradhi gani ya ukoo, binti ameposwa na mwingine au la. Hili la mwisho lina uzito, kwa sababu katika Uislamu haifai mtu kuposa juu ya posa ya mwenzake mpaka yule wa kwanza aache au akataliwe. Wakati huo huo watu wa Muheza nao walikuwa wanaulizia habari zangu huku mjini. Nilikuja kujua baadaye kwamba muuza maji wa mtaa wetu alihojiwa kirefu, na alinisifia kuliko ninavyostahili.

Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka shangazi yake alipoulizwa jina la mama yangu. Akalisikia, akanyamaza, akauliza, "Huyu si yule aliyekaa Ngamiani, ua mmoja na sisi? Basi mbona alimnyonyesha mtoto wetu?"

Posa ikasimama hapo hapo.

Kwa asiyejua, naomba nilieleze jambo hili vizuri, kwa kuwa limevunja posa nyingi na wakati mwingine limevunja hata ndoa zenye watoto. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 23, wanatajwa wanawake ambao mwanamume hawezi kuwaoa kabisa, na miongoni mwao wamo mama aliyemnyonyesha na dada zake wa kunyonya. Yaani mtoto akinyonya kwa mwanamke asiye mama yake, yule mwanamke anakuwa mama yake kwa upande wa ndoa, na watoto wa yule mwanamke wanakuwa ndugu zake. Harithi, wala habebi jina la nyumba ile, lakini kuoana hakuna. Sharti la kwanza ni umri: kunyonya kuwe ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Sharti la pili ni idadi. Sisi wa pwani wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafii, na kwetu huhesabiwa mara tano zilizo mbalimbali, kila mara mtoto anyonye mpaka aache mwenyewe. Yapo madhehebu ambayo hata mara moja inatosha, ndiyo maana wazee wenye hadhari hawapendi kubahatisha.

Katika nyumba za Ngamiani za wakati ule, ambako familia kadhaa zilikaa ua mmoja na kupikia jiko moja, mtoto kunyonyeshwa na jirani lilikuwa jambo la kawaida. Mama akienda sokoni, mtoto akilia, aliyekuwa na maziwa alimchukua. Hakuna aliyeandika. Na leo wale watoto ni watu wazima waliotawanyika, wanakutana kazini, wanapendana, na anayejua ukweli ni bibi mmoja ambaye kumbukumbu yake inakuja na kuondoka.

Kwetu tulikuwa na bahati kubwa: mama zetu wote wawili wapo hai na akili zao ni timamu. Wazee wa pande mbili wakakubaliana waende kwa sheikh mmoja anayeheshimiwa na wote. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa nje kwenye baraza na viatu vya watu, nikisikia sauti tu.

Sheikh hakuuliza kama tunapendana. Aliuliza nani alimnyonyesha nani, lini, na kwa muda gani. Mama akaeleza bila kusita. Mama yake nesi alilazwa kwa malaria kali wakati mtoto wake wa kwanza, wa kiume, akiwa na miezi michache. Mama yangu wakati huo alikuwa anamnyonyesha mdogo wangu wa kike. Akamchukua yule mtoto, akakaa naye karibu wiki nzima, usiku na mchana, mpaka mwenziwe aliporudi. Kwa hiyo mara tano zilipita tangu siku ya kwanza, hilo halikuwa na ubishi. Kisha familia ile ikahamia Muheza, na binti ninayemposa alizaliwa huko. Mama yangu hakuwahi hata kumpakata.

Sheikh akageuza swali. Akamuuliza mama yake: "Na wewe, ulimnyonyesha huyu kijana?" Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa mkononi, kwa sababu upande wa maziwa yanakotoka ndio unaoamua. Kama yeye ndiye angeninyonyesha mimi, ningekuwa mwanawe, na watoto wake wote, waliozaliwa kabla na waliozaliwa baada, wangekuwa ndugu zangu, nesi akiwamo. Akajibu kwamba hakupata kuninyonyesha. Walipokuja kukaa ua ule mimi nilikuwa nimekwisha achishwa ziwa, nakula ugali na kukimbiza kuku wa watu.

Basi sheikh akaamua hivi. Aliyenyonya ndiye anayeingia katika nyumba ya aliyemnyonyesha. Ndugu zake hawaingii pamoja naye. Kaka yake nesi ni mtoto wa mama yangu wa kunyonya, ni ndugu yangu, na hawezi kumwoa dada yangu yeyote. Lakini dada yake hakunyonya kwa mama yangu, wala mimi sikunyonya kwa mama yake, kwa hiyo hakuna kizuizi kati yetu. Nikasikia mama anacheka, kisha analia. Yule kaka yumo humo humo ndani, ameleta wazazi wake kwa gari. Mama akamwambia, "Mwanangu, miaka yote hii hujaja hata kunisalimia?" Na yeye, mtu mzima mwenye ndevu, akaenda kumpigia magoti na kusema shikamoo mama. Kwa hiyo goti lilipigwa, ila silo waliloniuliza wenzangu.

Baada ya hapo barua ikaandikwa. Barua ya posa haiandikwi na muoaji na haimwelekei binti. Inatoka kwa baba kwenda kwa baba. Yetu haikujaza ukurasa: jina la Mwenyezi Mungu, salamu, kutajana kwa nyumba mbili, kisha sentensi moja kwamba kijana wetu fulani anaomba kuoa kwenu, kwa binti yenu fulani, nasi tunaungana naye katika ombi hilo. Sahihi ya baba, tarehe, basi. Nilitaka kuongeza maneno kuhusu kazi yangu na tabia yangu. Baba akasema hiyo ni barua ya posa, si ya kuomba ajira.

Ikatiwa kwenye bahasha pamoja na shilingi 50,000, ikafungwa ndani ya kitambaa cheupe, ikakabidhiwa mshenga. Mshenga wetu ni mzee wa msikitini, fundi cherehani wa zamani. Walimchagua kwa sababu hana deni kwenye nyumba ile, hana ugomvi na mtu, na akitukanwa hujifanya haelewi. Sifa ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa. Wakaondoka siku ya Jumamosi ili wafike baada ya sala ya alasiri, yeye na wazee wenzake.

Mimi nikaenda kukaa kwenye kahawa barabara ya kumi na mbili. Nilikunywa vikombe mpaka muuzaji akaniuliza kama nafunga kesho. Simu ya mshenga haina salio siku zote, yeye hubipu tu. Nilikuwa nasubiri bipu.

Kilichotokea kule nimesimuliwa na watu zaidi ya mmoja, na wote wanakubaliana. Wageni walipokaribishwa na kuulizwa jambo lililowaleta, mshenga alisema wamepita wakitafuta jiko, wakaambiwa nyumba hii lipo. Wenyeji wakajibu kwamba masikio yao leo yameziba kidogo. Mshenga akaweka noti kwenye sahani. Masikio yakazibuka. Kisha akatoa kitambaa, akakiweka mbele ya baba mdogo, lakini baba mdogo hakukigusa. Akamtuma shangazi, yule yule wa habari za kunyonyesha, aingie chumbani akamuulize binti kama barua hii anaijua na kama ipokewe.

Mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ni kwamba mwari huombwa idhini, na akiona haya kusema, kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ni idhini. Kwa hiyo wanawake waliokuwa chumbani walitarajia ainamishe kichwa, wapige vigelegele, mambo yaishe. Shangazi akauliza. Yeye akajibu kwa sauti iliyofika mpaka sebuleni, "Ninaijua, shangazi. Ipokeeni." Shangazi akatoka akasema hana haja ya kurudia, wote wamesikia. Mshenga anasema baba yake aliangalia dari kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi pokea, mdogo wangu."

Bipu ikaja. Nikapiga. "Imepokewa," akasema mshenga, na nikaruka mpaka nikamwaga kahawa. Akaniuliza nafurahia nini. Kupokewa barua siyo kukubaliwa posa. Maana yake ni kwamba mlango uko wazi na hakuna mwingine aliyetangulia. Nyumba bado inayo haki ya kukaa, kushauriana na wajomba, na kujibu ndiyo au hapana. Wapo walioanza kualika watu kwa neno la "imepokewa", na jibu likaja kinyume. Siku za kusubiri zilizofuata nisingemtakia adui yangu, hasa kwa kuwa jokofu la zahanati lilikataa kabisa kuharibika.

Jibu, nimekwisha sema, lilikuja kwa mwandiko mzuri. Linaanza kwa kushukuru, linasema posa imekubaliwa, halafu linataja yanayotakiwa. Hapa pia kuna jambo ambalo vijana hulichanganya. Mahari ni haki ya binti mwenyewe. Yeye ndiye anayeyataja na yeye ndiye anayeyamiliki, hata baba hana fungu ndani yake, na yanaweza kulipwa taslimu au yakabaki deni mkikubaliana. Wangu ametaja shilingi 1,000,000, msahafu na cherehani ya miguu. Mengine yaliyoorodheshwa chini yake ni mila: kilemba cha baba, na mkaja wa mama, ambao ni heshima kwa kile kitambaa alichojifunga tumboni alipojifungua. Hayo hujadiliwa. Mahari hatukuyagusa. Kwenye mkaja mama yangu alituma ujumbe kwamba yeye pia anadai, kwa yule kijana wao aliyemnyonyesha wiki nzima, na mazungumzo yakaisha kwa vicheko na kwa mkaja kupunguzwa nusu.

Uchumba bado siyo ndoa, na hili nalisema kwa sababu nimeanza kuulizwa tunahamia lini. Mpaka nikahi ifungwe yeye ni wa nyumba ya baba yake, tukionana tunaonana pakiwa na watu. Sheria ya nchi nayo inatofautisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema hakuna mahakama inayoweza kumlazimisha mtu aoe au aolewe kwa sababu tu aliahidi. Aliyevunjiwa ahadi anaweza kudai fidia ndani ya mwaka mmoja, lakini ni kwa hasara aliyoipata kweli kwa gharama zilizotokana na ahadi hiyo, si kwa machungu ya moyo. Zawadi nazo hurudishwa tu ikiwa mahakama itaridhika kwamba zilitolewa kwa sharti la ndoa kufungwa. Simu uliyompa mchumba siku ya kuzaliwa, isahau. Ndiyo sababu mshenga wetu ameandika kila kilichopelekwa, kiasi, tarehe na aliyepokea, kwenye daftari lake la vipimo vya suruali.

Sheria hiyo hiyo inataka taarifa ya kusudio la kuoa itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi alilete. Tutaitoa. Nikahi tumeipanga baada ya Idi, kule kule Muheza, na kaka yake nesi amesema hajui asimame upande wa nani, maana pande zote mbili ni kwao.

Nawashukuru wazee wangu, mshenga, sheikh, na shangazi aliyesimamisha posa kwa kusema alichokikumbuka badala ya kukimeza. Na kwenu vijana mnaojiandaa kupeleka barua: kabla ya kununua bahasha, kaeni na mama mkiwa naye bado, mumuulize alimnyonyesha nani na nani aliwanyonyesha ninyi, kisha majina hayo yaandikeni.